Saa 63 za Mkopo: Mhadhara kwa Wanaojiajiri

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie wateja wanaochelewesha malipo, wanaobadilisha kazi kila kukicha, na wale wanaotokomea kabisa. Visa ninavyo vingi, na nyuso zenu zinaniambia ninyi mnavyo zaidi. Leo nitasimulia kimoja tu, kwa sababu ndani yake yamo yote matatu, na chanzo chake kilikuwa neno moja nililoliandika kwa mkono wangu.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na ripoti. Taasisi moja ilinipa ripoti ya kurasa 96. Nilikadiria saa 40 za kazi. Tukakubaliana asilimia 20 ya malipo itangulie, na asilimia 80 ilipwe "kazi itakapokamilika". Niliandika hivyo mwenyewe, nikatia sahihi, nikafurahi.

Sasa tupige hesabu ambayo sikuipiga siku ile. Asilimia 20 ya saa 40 ni saa 8. Maana yake, saa ya tisa ilipoanza nilikuwa nimeshaanza kumkopesha mteja. Nikamaliza rasimu kamili kwa saa 40, na hapo nilikuwa namdai saa 32. Yakaja marekebisho. Mara ya kwanza rangi, mara ya pili picha, mara ya tatu mkuu wa idara amerudi safarini na anataka sura ya tatu iwe ya kwanza. Ilifika mara saba. Nilipotuma faili la mwisho nilikuwa nimetumia saa 71. Nilizolipwa ni 8. Nimewakopesha saa 63, bila riba, bila dhamana, na bila tarehe ya kurudishiwa.

Kisha kimya. Ujumbe unasomwa, haujibiwi. Simu inaita hadi inakata.

Mnaifahamu hali ile. Unaamka usiku unaangalia simu. Ukiletewa kazi nyingine unaogopa kuipokea, maana huenda wale wakarudi na marekebisho ya nane. Kwangu kilichouma zaidi ya ile pesa ni kwamba hapakuwa na siku ambayo ningeweza kusema kwa haki: leo wamechelewa. Kazi "ikikamilika" ni lini? Nani anatamka kwamba imekamilika? Mteja. Na asipotamka lolote, haijakamilika. Kumbe nilimpa mwenye kudaiwa funguo za kalenda.

Si sisi wadogo tu tunaoliona tatizo hili. Umoja wa Ulaya ulipotunga agizo lake la mwaka 2011 kuhusu malipo yanayochelewa katika biashara, haukuishia kwenye siku za kulipa. Uligusa pia muda wa mteja kukagua kazi kabla ya kuikubali: usizidi siku 30, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine waziwazi na bila kuonea upande mmoja. Waliona kwamba ukaguzi usio na mwisho ni njia nyingine ya kutolipa.

Kwa hiyo kazi iliyofuata niliigawa upya. Tuseme ni ripoti ileile ya saa 40, ili tulinganishe. Asilimia 40 hutangulia, na hizo ni saa 16. Kisha naandaa sampuli: jalada, mpangilio wa vichwa, majedwali mawili na sura moja iliyokamilika. Hapo natumia kama saa 14, kwa hiyo bado yeye ndiye ananidai. Akipokea sampuli analipa asilimia 30, na sasa nimelipwa saa 28. Naandaa rasimu nzima, nafika saa ya 34. Namdai saa 6. Analipa asilimia 20. Namalizia marekebisho, namdai saa 4, analipa asilimia 10, ndipo anapata faili la kwenda kiwandani kuchapwa. Kabla ya hapo huona kurasa zenye alama ya "rasimu" katikati. Akitokomea wakati wowote, hasara yangu kubwa kabisa ni saa 6. Nalala.

Ila angalieni: malipo hayo yanadaiwa mteja anapopokea. Sikusema anaporidhika. Na sentensi inayolinda mpango huo ni hii, mwenye kalamu aandike: "Mteja atatoa maoni yote kwa pamoja ndani ya siku 7 za kazi tangu kupokea rasimu. Siku hizo zikipita bila maoni, rasimu itahesabiwa imekubaliwa." Usiifiche chini ya ukurasa. Mwoneshe mteja kwa kidole siku ya kusaini, na umkumbushe tena siku unapotuma rasimu, ukitaja tarehe yenyewe. Kifungu alichoshtukizwa nacho huzaa ugomvi.

Maneno "kwa pamoja" nayo yana kazi yake. Yale marekebisho saba hayakutoka kwa mtu mmoja mwenye kigeugeu. Yalitoka kwa watu wanne waliokuwa hawajakaa meza moja.

Kuhusu mabadiliko nitapita haraka. Kosa langu nalirekebisha bure. Jambo jipya lina bei. Kabla sijaligusa najibu: "Inawezekana. Itaongeza saa 6 na siku 2. Nikipata ndiyo yako kwa maandishi, naanza." Sehemu kubwa ya maombi hufia hapo, na wala hakuna anayenuna.

Sasa, yule aliyetokomea. Sisi humfikiria mwizi. Wapo wezi, sikatai, na mkataba haumtishi aliyeamua kudhulumu. Lakini wangu hakuwa mwizi. Ofisa aliyekuwa akiwasiliana nami alikuwa amehamishwa kitengo, na ankara yangu ilikuwa kwenye barua pepe yake haijafika kwa mhasibu. Mtu anayekupa kazi mara nyingi siye anayelipa, na akikwama huona haya kukuambia. Siku hizi, kabla ya kuanza, nauliza mambo matatu: ankara inatumwa kwa nani, inahitaji namba au nyaraka gani ili ilipwe, na malipo hutoka siku zipi za mwezi. Mteja anayeshindwa kujibu hayo ananipa habari muhimu mapema.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada... Anauliza: na mteja mkubwa anayesema hatoi malipo ya awali, utaratibu wake haumruhusu?

Wapo wa namna hiyo, dada yangu, na wengine husema kweli. Basi usishindane naye juu ya kutanguliza, fupisha awamu. Ankara kila wiki badala ya kila mwezi, na wiki ya kwanza iwe na kazi ndogo. Ankara ya kwanza ikipita tarehe yake, unasimamisha kazi, na kifungu cha kusimamisha kiwe kimeshaandikwa. Hapo utakuwa umekopesha kwa kiasi ulichokichagua mwenyewe.

Na kaka hapa mbele anataka kujua kama zile saa 63 nililipwa. Nilipompata mhasibu, nilimtumia mkataba, ankara na barua pepe ya siku niliyowasilisha faili. Asilimia 80 ikaingia baada ya wiki tatu. Zile saa 31 zilizozidi makadirio hazikulipwa. Aliniuliza ni wapi walipoziidhinisha, nikapekua barua pepe zote, sikuona mahali.