Yangeyange Anangoja Maji Yapwe: mikao ya wanyama kwa Darasa la Kwanza

BAKARI: Haya, tumerudi hewani kutoka Mtwara. Mimi Bakari, niko na mwenzangu, Mwalimu Somoe, anayefundisha Darasa la Kwanza. Wiki iliyopita tuliahidi kuongea habari ya mikao ya wanyama, ile michezo ya viungo ambayo mtoto anasimama kama ndege au anajikunja kama kobe. Mwalimu, mimi nina mashaka kidogo. Si kuwachosha watoto tu hivi?

SOMOE: Ungewasimamisha ukawahesabia moja mpaka ishirini, wangechoka kweli. Mtoto wa miaka sita hana haja na ishirini yako, kaka Bakari. Akifika tano keshaanza kumtekenya mwenzake. Ndiyo maana mimi sihesabu, nasimulia. Hadithi ndiyo saa yangu.

BAKARI: Saa kivipi?

SOMOE: Yangeyange unamjua, yule ndege mweupe wa pale mikokoni Mikindani. Maji yakijaa hapati chakula, kwa sababu vidagaa na vikamba viko kwenye kina. Basi anapanda kwenye mzizi wa mkoko, anakunja mguu mmoja, anapumzika mpaka maji yapwe. Watoto wetu wanajua kujaa na kupwa kwa maji kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo nikisema "maji yanajaa", wanavuta pumzi puani. Nikisema "maji yanakupwa", wanaitoa polepole. Kujaa nakupa muda wa tatu, kupwa muda wa nne. Jumla sekunde saba hivi. Maji yakijaa na kupwa mara mbili, mtoto amesimama mguu mmoja sekunde kumi na nne, na wala hajui kama alikuwa anapimwa.

BAKARI: Mbona kutoa kunakuwa kurefu kuliko kuvuta?

SOMOE: Kwa sababu ukitoa pumzi taratibu, mapigo ya moyo nayo yanapungua kidogo. Ndiko kunakotuliza. Kuvuta kwingi hakutulizi. Na mtoto aliyetulia hayumbi sana.

BAKARI: Sawa. Tupe kipindi chenyewe sasa, kuanzia mwanzo. Usituruke.

SOMOE: Kwanza, asubuhi. Jua la Mtwara saa nne limeshakuwa kali, na ardhi inaunguza nyayo. Nyayo lazima ziwe wazi, viatu tunavipanga pembeni. Natafuta sehemu ngumu iliyopigwa na miguu, si mchanga wa kutitia. Mchanga unateleza chini ya kisigino, na anayeanza hawezi kujua kama anayumba yeye au inayumba ardhi. Kama wamekunywa uji, nangoja kwanza ushuke, maana mkao wa mwisho wanakunja tumbo.

BAKARI: Halafu "Paukwa!"

SOMOE: "Pakawa!" Hapo wamekaa duara, nawapa mwanzo wa hadithi. Maji yamejaa, mikoko imebaki vichwa tu, na Kaa anahangaika kutafuta tundu lake. Basi wote wanakuwa kaa. Miguu wameitanua kuliko mabega, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama magando, wanatembea upande. Hatua chache kulia, wanasimama, maji yanajaa, yanakupwa, wanarudi kushoto. Hii ndiyo ya kupasha misuli joto. Mapaja na nyonga zinanyooka zenyewe bila mimi kutaja neno kunyoosha.

BAKARI: Kuna kile kingine cha kaa, wanaenda kwa mikono na miguu, tumbo juu.

SOMOE: Nakijua, na kwa darasa la mchanganyiko sikitumii. Wasichana wana sketi. Mtoto akianza kuwaza sketi yake, kupumua kumeisha, hadithi imeisha. Hata mikao ya kuinamisha kichwa chini na kuinua makalio naiacha kwa sababu hiyo hiyo, na ushungi nao unawafunika macho. Mikao ipo mingi, mwalimu achague inayoendana na nguo walizovaa.

BAKARI: Hilo ukilisema kwenye semina watacheka, lakini ndilo linaloharibu kipindi.

SOMOE: Kabisa. Sasa yangeyange mwenyewe. Hapa navunja duara. Nawapanga mistari, wote wanatazama upande mmoja, ukutani. Ukutani nimeshachora vidoa vya chaki, usawa wa macho yao. Kila mtoto anachagua kidoa kimoja, na hicho ndicho samaki anayemvizia.

BAKARI: Kwa nini uvunje duara? Duara si ndilo zuri la hadithi?

SOMOE: Zuri kwa masikio, baya kwa kusimama. Mwili unajua umesimamaje kwa njia tatu. Macho ni ya kwanza, sehemu ya ndani ya sikio ni ya pili, na ya tatu ni taarifa zinazotoka kwenye nyayo, misuli na viungo. Watoto wadogo wanategemea macho zaidi kuliko sisi. Ukimweka mtoto akitazamana na mwenzake anayeyumba, macho yake yanamwambia dunia inasogea, naye anaifuata. Anaanguka wa kwanza, wa pili, wa tatu, duara zima linalala kwa kicheko.

BAKARI: Basi nifumbe macho mimi hapa nijaribu.

SOMOE: Shika meza kwanza! (Kicheko.) Wao siwafumbishi macho wakiwa mguu mmoja. Huko ni mbele sana.

BAKARI: Na mguu wenyewe unainuliwaje?

SOMOE: Kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, vidole vya mguu mmoja vinabaki chini, kisigino kimeegemea kifundo cha mguu wa pili. Anayeyumba anabaki hapo, wala simwambii ameshindwa, huyo ni yangeyange ambaye bado hajasinzia. Ngazi ya pili, unyayo unapanda ubavuni mwa shavu la mguu, chini ya goti. Nasisitiza chini ya goti. Ukiuweka unyayo ubavuni mwa goti lenyewe unalisukuma upande, na goti halikuumbwa likunjike upande. Ngazi ya tatu, goti linakuja mbele, mguu unaning'inia. Mabawa yanafunguka pembeni, yanasaidia usawa. Na goti la mguu uliosimama liwe limelegea kidogo, lisikakamae nyuma.

BAKARI: Wewe wakati huo unafanya nini, unasimama nao?

SOMOE: Mkao naonyesha mara moja, halafu naacha. Nikisimama mguu mmoja na mimi nitatazama kidoa changu, nao nitawaona saa ngapi? Natembea nyuma yao nikisimulia kwa sauti ya chini. "Yangeyange amemwona kidagaa. Hatikisiki. Maji yanajaa... yanafika kwenye tumbo lake... maji yanakupwa..." Nikipandisha sauti, yangeyange wote wanaruka. Siku moja niliingiza mamba kwenye hadithi, weee, darasa lilikimbilia mikoroshoni.

BAKARI: (Kicheko.) Mamba wa Ruvuma huyo.

SOMOE: Mamba ana kipindi chake. Katika kusimama tuli, hadithi isiwe na mtu wa kufukuza. Iwe na kungoja.

BAKARI: Nikipita nyuma yao, nitajuaje kama wanapumua kweli? Mtoto anaweza kukuitikia tu.

SOMOE: Tazama mabega. Aliyebana pumzi mabega yanapanda masikioni, midomo imefungwa kwa nguvu, mashavu yamejaa. Huyo ataanguka muda si mrefu, kwa sababu mwili mzima umekakamaa. Dawa yake si kumwambia "pumua", atavuta nyingine juu ya ile. Namwambia atoe kwanza, kwa sauti ndogo ya "sss", maji yakipita kwenye mchanga. Akishatoa, kuvuta kunakuja kwenyewe.

BAKARI: Na wanaopuliza kwa fujo?

SOMOE: Wapo kila darasa. Wanafanya mashindano ya kupuliza, puh puh puh, halafu mmoja anasema naona kizunguzungu, vidole vinawasha. Amepumua kwa kasi kuliko mahitaji ya mwili, kaboni dayoksaidi imepungua kwenye damu. Namkalisha chini, namwacha apumue kawaida, inapita. Na siwaambii hata siku moja wabane pumzi tuone nani atachelewa. Mwenye pumu namwambia afuate pumzi yake mwenyewe, kupwa kwa maji kwake kukiwa kufupi ni sawa.

BAKARI: Kuna mtoto uliniambia habari zake, yule wa mguu wa kushoto.

SOMOE: Ee, mguu wa kulia anasimama vizuri, wa kushoto hata maji hayajajaa ameshaweka chini. Mwalimu mwingine angesema hajitumi. Nilichuchumaa nikatazama unyayo wake. Alikuwa amekunja vidole kama anakwangua ardhi, uzito wote umeenda ukingo wa nje. Nikamwambia atandaze vidole, kisigino na mizizi ya kidole gumba na kidole kidogo viguse chini vyote. Akasimama zaidi kidogo. Halafu nikaona anatazama mguu wake badala ya kidoa, naye alikuwa na haki, alikuwa anauogopa. Nikamsogeza ukutani, akagusa kwa kidole kimoja. Si kuegemea, kugusa. Kidole kinampa mwili taarifa ya ziada ya mahali alipo. Vipindi vichache baadaye alikuwa anakiinua kidole mwenyewe.

BAKARI: Na asingebadilika?

SOMOE: Tofauti ndogo ya kulia na kushoto ni ya kawaida. Lakini kama mguu mmoja uko nyuma sana wiki hadi wiki, au analalamika maumivu, au anajikwaa hata akitembea tu, hapo si kazi ya hadithi. Namwita mzazi, aende naye kituo cha afya.

BAKARI: Tunamaliziaje?

SOMOE: Na Kasa. Maji yamekupwa, yangeyange ameshuka kula, Kasa amepanda ufukweni. Wanapiga magoti kwenye jamvi, wanakalia visigino, wanainama mpaka paji la uso liguse chini, mikono nyuma kando ya miguu. Paji lisipofika, anaweka ngumi mbili, moja juu ya nyingine, analaza kichwa hapo. Hapo ndipo mgongo unaponyooka. Anahisi tumbo likisukuma mapaja kila maji yakijaa. Asirukeruke kujilazimisha kushuka, na mwenzake asimkandamize mgongoni. Watoto wanapenda sana kusaidia kwa kukaliana! Hilo nalisema kabla hawajainama, maana wakishainama nimechelewa.

BAKARI: Mzazi mmoja aliniuliza kama hii ni yoga, na kama ina mambo ya dini.

SOMOE: Mikao mingi ya namna hii inafanana na ya yoga, ambayo asili yake ni India, na sioni sababu ya kumficha mzazi. Namkaribisha aje aone. Anakuta kaa, yangeyange na kasa, na mtoto anayejifunza kusimama na kupumua. Hakuna maneno mengine yanayosemwa. Wengi wanaondoka wakiuliza kuhusu magoti yao wenyewe.

BAKARI: La mwisho. Masika, mvua imeshuka, uwanja una madimbwi. Kipindi kinafutwa?

SOMOE: Kinaingia darasani. Kila mtoto anasimama pembeni mwa dawati lake, mkono mmoja umeligusa, vidoa vya chaki vinahamia ubaoni. Kasa anafanywa kwa kukaa kwenye dawati, mikono imekunjwa juu ya meza, paji juu ya mikono. Kaa ndiye hana nafasi. Watatu kwenye dawati moja wakianza kutembea upande, utaokota kalamu mpaka kengele ilie.