Mechi iliisha sare, andika hivyo

Haya wadogo zangu, karibuni, walioko nyuma sogeeni, hii maiki inakatakata. Patroni wa magazeti hapa Tororo aliniomba niongee juu ya kuandika habari za michezo, mimi nikamwambia habari za michezo ni nyingi, nitaongea juu ya mechi moja tu. Ile fainali ya mahausi ya muhula uliopita, Bluu na Kijani. Najua mlikuwepo wote, na hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Yule mtu wa redio anatangaza kwa mtu ambaye hajui matokeo. Wewe gazeti lako linatoka mwisho wa muhula, wiki sita baada ya mechi, na kila mtu shuleni hadi mama wa jikoni anajua nani alibeba kombe. Kwa hiyo ukinifichia matokeo hadi aya ya mwisho unajidanganya, utamu hauko kwenye nani alishinda, uko kwenye namna ilivyogeuka. Matokeo weka juu kabisa, sentensi ya kwanza au ya pili, halafu turudi uwanjani.

Na matokeo yenyewe yaandikwe vizuri. Rasimu niliyoletewa, nimeruhusiwa kuisoma, inaanza hivi: "Kijani waliwachapa Bluu 4-3 katika fainali ya kufa mtu." Sasa mtu wa Kampala aliyesoma hapa zamani akiliona atasema loo, mabao saba! Hapana. Mechi iliisha 1-1, ni sare, na penati za mwisho hazihesabiwi kama mabao ya mechi, zinatumika tu kuamua nani achukue kombe. Andika: 1-1, Kijani wakashinda kwa penati 4-3. Hiyo ni haki yako ya kwanza kwa Bluu, maana ndani ya dakika 70 hakuna aliyewashinda.

Haki ya pili iko kwenye vitenzi. Nilichukua kalamu nikahesabu ile rasimu, sentensi 14. Kijani ndio watendaji kwenye 11, walishambulia, walitawala, walisawazisha, walipiga. Bluu wamepewa tatu tu, na kwenye hizo tatu moja walifunga, nyingine beki wao "alifanya upuuzi" na ya mwisho mchezaji wao "alikosa". Mwandishi sio mbaya jamani, wala sio mtu wa Kijani, yeye ni wa hausi nyingine kabisa. Ni kwamba aliandika akishajua nani ameshinda, basi kila kitu alichokumbuka kikamwelekeza huko.

Nikamuuliza daftari lako liko wapi, akanitolea karatasi yenye majina matano na neno GOOOL. Sasa ona, daftari la mechi chora mstari katikati, kushoto Bluu kulia Kijani, kila tukio dakika na namba ya jezi. Tukaenda kwa makocha wote wawili na mshika kibendera mmoja tukaijenga upya, ikatoka hivi. Dakika ya 12 kona ya Bluu, namba 6 anapiga kichwa, 1-0. Kipindi cha pili Kijani wanabana, kipa wa Bluu anaokoa mara tatu, moja kwa mguu akiwa ameshalala. Dakika ya 66 mpira unagonga mkono wa namba 4 wa Bluu kwenye boksi, penati, 1-1.

Hizo mara tatu za kuokoa hazikuwepo kwenye rasimu kabisa! Na bila hizo msomaji haelewi kwa nini Kijani waliobana vile walisubiri hadi dakika ya 66. Ukimpa sifa kipa wa Bluu hujampunguzia Kijani kitu, umeeleza ugumu wa mlima walioupanda.

Namba za jezi nazo muwe nazo macho. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, shule nyingine huko, nilimpa bao mtu ambaye hakufunga, kwa sababu jezi ya namba 9 ilichanika mapumziko akavaa ya mwenzake aliyetoka. Gazeti likachapwa. Yule mfungaji wa kweli hakuniongelesha hadi tukamaliza Sinia Foo, na tulikuwa tunalala deka moja, yeye juu mimi chini. Mapumziko nenda benchi ukaulize nani amebadilisha nini, ni dakika mbili tu.

Tuje kwenye ile penati maana naona watu wa Bluu mnacheka vibaya vibaya. Rasimu inasema "penati tata". Tata namna gani? Neno hilo linamtuhumu refa bila kusema kitu. Sheria haisemi kila mpira ukigusa mkono ni faulo, inaangalia kama ameupeleka mkono kwa kusudi, au mkono umefanya mwili uwe mkubwa kuliko inavyofaa kwa ule mwendo wake. Basi andika ulichoona: shuti limetoka hatua kama tatu, mkono wa beki ulikuwa juu ya bega. Halafu mfuate refa, sio akiwa bado anazungukwa na watu, subiri anywe maji. Alisema, "Mkono ulikuwa juu, ukaziba njia." Kapteni wa Bluu akasema, "Alikuwa anaruka, angeweka wapi mikono?" Weka zote mbili, kila moja sentensi moja, na wewe nyamaza. Msomaji ana macho. Na "upuuzi" futa, huyo ni mtoto wa Sinia Tuu na mamake atasoma.

Drama sasa. Drama haiongezwi kwa alama za mshangao, inatoka kwa kupunguza mwendo mahali pamoja. Dakika 65 za kwanza zipitishe kwa aya moja, halafu simama. Mnakumbuka mvua ilifuta chokaa, kidoa cha penati hakionekani, refa akahesabu hatua kutoka mstari wa goli, watu wa Kijani wakapiga kelele kwamba ana miguu mirefu, mita 11 zimekuwa 13, akarudi akahesabu tena, na muda wote huo mpigaji amesimama ameukumbatia mpira tumboni kama mtu aliyebeba kuku sokoni. Hiyo ndiyo drama, na haikuwepo kwenye rasimu hata neno moja!

Penati za mwisho usizitaje zote kumi, msomaji atapotea. Bluu walianza, ya tatu yao ikaokolewa, Kijani walikosa ya pili, kwa hiyo baada ya nne nne ni 3-3. Ya tano ya Bluu anakwenda namba 6 na inagonga mwamba, sio ule wa Tororo, wa goli, ingawa kwake naona ilikuwa ni ule ule. Kijani wanafunga ya kwao, basi. Rasimu ikamwita "aliyekosa". Lakini namba 6 ndiye yule wa kichwa dakika ya 12! Mwite kwa vyote viwili kwenye sentensi moja: mfungaji wa bao la Bluu ndiye aliyegonga mwamba. Ni kweli, na inauma zaidi kuliko kumtukana.

Swali? Ndiyo, wewe dada. Anauliza kama mwandishi ni wa Bluu mwenyewe afanyeje. Andika, kwa nini usiandike, ila kabla haijaenda kuchapwa mpe mtu wa Kijani aisome akiwa na penseli, na chini ya jina lako weka hausi yako.