Bei ya Gunia na Bei ya Kopo
(Mhadhara kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Dubai, kama ulivyotolewa)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na kaniomba nisirudie yale ya mwaka jana. Sasa nitarudia, maana juzi nimepita Deira nikawaona watu wawili wa kwetu nje ya duka la dhahabu, simu mkononi, wanamgombeza muuzaji: "Bei kwenye simu ni hii, wewe unauza hii, mwizi wewe!" Kijana wa watu amenyamaza tu. Basi mwaka jana hamkunisikia.

Ile namba inayowaka kwenye simu, wenyewe wanaiita spoti. Mnaijua wote, mnaiangalia kuliko salamu za nyumbani. Swali langu ni moja: hiyo ni bei ya kitu gani? Dhahabu, ndiyo, lakini dhahabu ya umbo gani, iko wapi, na nani anamuuzia nani? Ni bei wanayouziana mabenki na wafanyabiashara wakubwa, na kipimo chao ni mche wa London wa wakia 400 hivi, yaani kilo kumi na mbili na nusu mche mmoja. Huwezi kuutia kwenye mfuko wa koti. Mara nyingi hata hauondoki kwenye ghala. Kinachohama ni jina kwenye daftari.

Ni sawa na mkaa. Nyumbani unajua bei ya gunia, na unajua bei ya kopo kwa mama wa jirani. Ukiyajumlisha makopo yote yaliyotoka kwenye gunia, pesa inazidi ya gunia, na hakuna anayemwita yule mama mwizi. Kapakua, kapima, kakaa juani, na vumbi limebaki kwake. Spoti ni bei ya gunia. Wewe unayetaka gramu moja unanunua kopo. Tofauti kati ya bei ya kopo na bei ya gunia ndiyo wauzaji wanaita primiamu, na mimi nitaiita ziada.

Ila mfano wa mkaa unaishia hapo. Mkaa ukishaununua unauchoma. Dhahabu utairudisha dukani siku moja, na hapo ndipo watu wetu wanapolia. Ngoja niwape kisa, wale waliokwisha kukisikia wavumilie.

Nilisimama nyuma ya kaunta miaka kadhaa, duka silitaji. Siku moja akaingia dada mmoja wa Tanga, mfanyakazi wa nyumbani, na bahasha ya khaki. Akaimwaga kwenye kioo: kadi kumi za plastiki, kila moja na kipande cha gramu moja katikati, chembamba kama ukucha, na namba yake. Miezi kumi, kila mshahara kadi moja. Kazitunza vizuri, hata moja haijafunguliwa. Anataka kuuza, arudi kwao.

Nipigie hesabu kwa namba nyepesi, tuifunge bei mahali pamoja kana kwamba haikusogea miezi yote hiyo. Tuseme spoti ni dola 3,388 kwa wakia. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1035, siyo 28 za dukani, andikeni hiyo. Gawanya, halafu zidisha kwa 3.6725, maana dirhamu imefungwa kwa dola hapo tangu 1997. Unapata dirhamu 400 kwa gramu. Hilo ndilo gunia.

Kadi ya gramu moja tuseme anauziwa 452, ziada ya asilimia 13. Kadi kumi ni 4,520. Siku ya kuuza, duka halimpi 452. Linampa spoti kasoro kidogo, tuseme asilimia 2 pungufu: 392 kwa gramu. Kadi kumi, 3,920. Zimepotea dirhamu 600, na dhahabu haijashuka hata senti.

Kama angenunua kipande kimoja cha gramu kumi, ziada yake ingekuwa labda asilimia 3: dirhamu 4,120. Wakati wa kuuza, duka lingekata labda asilimia 1: anapata 3,960. Hasara 160. Dhahabu ni ileile, gramu kumi kwa gramu kumi. Katika kununua tu ametoa dirhamu 400 zaidi, yaani kamnunulia gramu nzima mtu asiyemjua.

Akaniuliza, "Kaka, hiyo mia sita imekwenda wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwenye kaunta ile. Imekwenda kwenye kazi. Kukata kipande cha gramu moja, kukipiga muhuri, kukipima, kukipa namba na kukifungia kwenye kadi, ni kazi karibu sawa na ya kipande cha gramu kumi. Mashine haijui kwamba wewe ni maskini. Gharama ileile ukiibandika juu ya dhahabu ya dirhamu 4,000 haionekani. Ukiibandika juu ya dhahabu ya dirhamu 400, inauma. Ndiyo maana asilimia inapanda kadiri kipande kinavyokuwa kidogo. Weka na usafiri, bima, faida ya mwenye duka. Na siku ya kuuza, duka linanunua dhahabu, hiyo plastiki na muhuri mzuri halikulipi, au linakulipa kidogo tu.

Kwa hiyo, na hapa ndipo ninapowachosha kila mwaka: ukiingia dukani uliza bei mbili. Unaniuzia ngapi, na kipande hikihiki nikikuletea leo saa hii utakinunua ngapi? Muuzaji mzuri anajibu bila kupepesa macho. Anayeanza kukueleza uzuri wa picha kwenye kadi, toka. Pengo la bei hizo mbili ndilo gharama yako. Ziada peke yake haikuambii kitu: unaweza kulipa asilimia 5 kwenye sarafu inayopendwa na ukarudishiwa sehemu yake, na unaweza kulipa asilimia 4 kwenye kipande cha kiwanda kisichojulikana ukarudishiwa chini ya spoti.

Na lile pengo lisome hivi: bei ya soko ipande kiasi gani ndipo nirudishe pesa yangu? Kwa kadi za yule dada, spoti lazima itoke 400 ifike kama 461, zaidi ya asilimia 15. Kwa kipande cha gramu kumi, 416 na kidogo inatosha.

Naona mkono kule nyuma, na swali nalijua. "Mzee, mimi mshahara wangu unatosha gramu moja tu." Haya. Ningesema weka pesa miezi michache ununue gramu tano au kumi. Utanijibu kwamba bei inaweza kupanda ukiwa unasubiri, na ni kweli. Ikipanda zaidi ya ile tofauti ya ziada, wewe uliyenunua kadi umeshinda. Halafu kuna jambo jingine, tusidanganyane. Pesa ikikaa kwenye simu, shemeji atapiga. Atakuwa na mgonjwa, atakuwa na ada, atakuwa na mbuzi. Kadi ya dhahabu haitumwi kwa simu. Kwa baadhi yenu ile asilimia 13 ni bei ya kufuli, na kama unaijua na umeikubali, mimi sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na anayeilipa halafu anashangaa.

Sarafu, haraka. Kuna bwana mmoja alikuja anacheka, kaletewa Krugerrand, ile sarafu ya Afrika Kusini. Kaipima: gramu 33.93. Kazidisha kwa 400, kapata 13,572, na anauziwa 12,940. "Chini ya spoti!" Bwana wee. Sarafu ile ni ya karati 22, imechanganywa shaba ili isikwaruzike. Dhahabu safi ndani yake ni wakia moja kamili, gramu 31.1. Thamani yake kwa spoti ni 12,441, kwa hiyo analipa ziada ya asilimia 4, bei ya kawaida kabisa. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ni hivyohivyo: inapima karibu gramu 8, safi ni 7.32. Piga hesabu kwa dhahabu safi, siku zote. Na hapa Dubai uliza kodi: dhahabu ya uwekezaji ya usafi wa asilimia 99 na zaidi inatozwa sifuri, ya karati 22 haimo humo.

Na anayekuuzia kweli chini ya spoti ni tapeli, nyie wa Nairobi na Kampala mnamjua kuliko mimi. Mwenye dhahabu halali anaipeleka kwa msafishaji na kulipwa karibu na spoti siku hiyohiyo. Kwa nini akuonee huruma wewe?

Jambo la mwisho, mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa. Ziada haisimami. Machi 2020, korona ilipoingia, wasafishaji wakubwa wa jimbo la Ticino, Uswisi, walifunga kazi, na ndege nazo zikasimama. Miche ya London ilikuwepo kwenye maghala. Sarafu na vipande vidogo ndivyo vilivyokosekana. Fedha nyeupe ikaanguka chini ya dola 12 kwa wakia kwenye simu, watu wakakimbilia madukani na furaha zao, wakakuta sarafu za fedha zinauzwa mbali kabisa juu ya hapo. Wakasema spoti ni uongo. Si uongo. Gunia lilikuwa rahisi, makopo yalikuwa yamekwisha. Aliyenunua siku zile alilipia na uhaba, na uhaba ulipokwisha ile ziada ikayeyuka hata kama madini yenyewe yalipanda.

Nilitaka niseme zaidi juu ya fedha nyeupe, kwa sababu kopo lake ni ghali zaidi: madini yenyewe ni rahisi, kazi ya kuipiga sarafu ni ileile, asilimia inaruka. Wenzetu wa London wanaongezewa na kodi ya asilimia 20 juu yake. Itabidi mniite tena.

Yule dada? Hakuuza zote. Tulikaa naye tukahesabu nauli na zawadi, akauza kadi nne, sita akazirudisha kwenye bahasha. Na kabla hajatoka akaniuliza kadi ya gramu moja leo inauzwa ngapi na inanunuliwa ngapi.

Haya, maswali.