Kwa nini mkanda wa mapigo ya moyo hauungani na simu kama spika inavyoungana

Karibuni watazamaji. Mezani nina simu ya Android, spika ya Bluetooth na mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo ya moyo. Spika inaungana na simu bila shida yoyote. Mkanda nao ni wa Bluetooth, na ni mzima, lakini nikifungua Mipangilio nikatafuta kifaa kipya, jina lake halitokei. Kuna simu ambazo hulionyesha, ila ukibonyeza kuoanisha linagoma, au linaungana kisha linakatika. Wengi wakifika hapa huurudisha mkanda dukani wakidhani ni mbovu. Subirini kwanza, tuuchunguze pamoja.

Chini ya jina hili moja la Bluetooth kuna redio za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya tangu mwanzo, ambayo katika video hii nitaiita ya kawaida. Ya pili iliingia na toleo la 4.0 mwaka 2010. Hii ni ya umeme mdogo, na kwenye skrini utaiona imeandikwa LE au BLE. Zote mbili hutumia masafa yaleyale ya karibu na gigahezi 2.4, ila ya kawaida imeyagawa katika chaneli 79 na ya umeme mdogo katika chaneli 40 zilizo pana zaidi. Hata pakiti zao zimeundwa tofauti. Kwa hiyo chipu yenye aina moja tu haiwezi kuzungumza na chipu yenye aina nyingine, hata zikigusana. Simu yako inaelewana na spika na mkanda kwa sababu ndani ya chipu yake zimo zote mbili.

Sasa tufanye kazi. Hatua ya kwanza, ingia Play Store upakue programu inayoitwa nRF Connect. Ni ya bure, na nimeichagua kwa sababu inaonyesha kile ambacho Mipangilio huficha.

Hatua ya pili, lowesha kidogo sehemu za mkanda zinazogusa ngozi, kisha uvae. Usiruke hatua hii, maana mikanda mingi hulala mpaka ihisi ngozi, na ikiwa imelala haitoi mawimbi yoyote.

Hatua ya tatu, washa Bluetooth, fungua programu, nenda kwenye kichupo cha SCANNER ubonyeze SCAN. Kama simu yako ina Android kati ya 6 na 11, washa pia huduma ya mahali na uipe programu ruhusa yake. Bila hiyo orodha itabaki tupu.

Angalieni, mkanda huu hapa. Nikiligusa jina lake, maelezo yanafunguka, na kwenye Device type pameandikwa LE only. Maana yake ni umeme mdogo peke yake, hauna redio ya kawaida kabisa. Sasa nenda kichupo cha BONDED, palipo na vifaa ulivyokwisha kuoanisha, uitafute spika. Yangu imeandikwa CLASSIC. Yako inaweza kusoma CLASSIC and LE, usishangae. Spika nyingi hupitisha muziki kwenye redio ya kawaida, na redio ya pili huitumia kuzungumza na programu ya mtengenezaji, kwa mfano kubadilisha besi.

Turudi kwenye mkanda. Hatua ya nne, bonyeza CONNECT. Hatukuoanisha chochote, hatukuulizwa namba ya siri, na tayari tumeungana. Hii ndiyo tofauti inayowachanganya watu. Spika huoanishwa na simu yenyewe, kisha programu yoyote ya muziki inaitumia. Mkanda huungana na programu inayojua kuusoma, na ndiyo maana Mipangilio haina la kuufanyia. Hata ukioanisha huko, simu haina mahali pa kuyapeleka mapigo ya moyo.

Orodha iliyofunguka ni ya huduma ambazo mkanda unatoa. Tafuta Heart Rate, yenye namba 0x180D. Ifungue, na ndani yake utaona Heart Rate Measurement, namba 0x2A37. Kando yake kuna alama ya mishale inayoelekea chini. Ibonyeze, na mapigo yanaanza kuingia. Kipimo rahisi kabisa, kikiwa ghafi, kinaonekana hivi:

```
00 4B
```

Baiti ya kwanza inaeleza namna ya kuisoma inayofuata. Baiti ya pili, 4B, ni 75 kwa hesabu ya kawaida, yaani mapigo 75 kwa dakika. Mikanda mingi huongeza baiti nyingine za muda kati ya pigo na pigo, lakini hata hivyo ujumbe mzima ni mfupi mno.

Ufupi huo ndio sababu ya aina ya pili kuwepo. Mkanda unatuma baiti chache takriban kila sekunde, kisha redio inazimika hadi zamu ijayo. Ndiyo maana betri ndogo ya duara, CR2032, inauendesha kwa miezi. Spika haina nafasi ya kulala hivyo. Muziki wa ubora mzuri unahitaji kama kilobiti 328 kila sekunde, mfululizo, na kanuni za kuupitisha zilitungwa kwenye redio ya kawaida pekee. Sauti kupitia umeme mdogo ilikuja na toleo la 5.2, kwa jina la LE Audio, na inahitaji vifaa vya pande zote mbili viwe vinaikubali.

Je, kama mkanda hauonekani hata kwenye nRF Connect? Mara nyingi umeshikwa na kifaa kingine, labda saa, labda mashine ya kukimbilia, labda simu yako ya zamani. Mkanda unaokubali muunganisho mmoja tu huacha kujitangaza pindi unapoungana. Zima Bluetooth ya kifaa hicho, subiri kidogo, kisha utafute tena.

Kwa wanaotumia kompyuta ya Windows, fungua Device Manager, kisha sehemu ya Bluetooth. Ukiona Microsoft Bluetooth LE Enumerator, redio ya umeme mdogo ipo. Ukikuta Microsoft Bluetooth Enumerator peke yake, bila LE, kompyuta hiyo haitauona mkanda, na kusakinisha programu nyingine hakutasaidia. Inahitaji adapta mpya ya USB.

Na wanaounda vifaa wenyewe, jambo hili huwapata kinyume. Moduli ya HC-05 ni ya kawaida tu, hutuma data kama waya wa siriali. Android inaipokea vizuri, lakini iPhone haizipi programu za kawaida njia ya kuifikia. Ukitaka mradi wako ufanye kazi na simu zote mbili, chukua HM-10, ambayo ni ya umeme mdogo. Na ukinunua ESP32, soma jina lote: ile ya mwanzo ina redio zote mbili, ESP32-C3 na ESP32-S3 zina umeme mdogo tu, na ESP32-S2 haina Bluetooth kabisa. Programu uliyoiandikia HC-05 haitafanya kazi kwenye C3 mpaka sehemu ya mawasiliano uiandike upya.