Kutapika kwa Mimba Changa: Kidonge cha Usiku, Tangawizi na Siku ya Dripu

(Mhadhara kwa akina mama wafanyabiashara wa dagaa na familia zao, Kirumba, Mwanza)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Akina baba mliojibanza kule nyuma sogeeni mbele, maana ninyi ndio mnaotumwa duka la dawa usiku.

Hapa Mwaloni kila mtu ameshaiona hii. Dada amefanya kazi ya dagaa miaka yote, hajawahi kulalamikia harufu. Anashika mimba, na wiki chache baadaye hawezi hata kupita karibu na chanja. Wenzake wanasema anadeka. Hadeki. Kondo la nyuma linamwaga kwenye damu ya mama homoni iitwayo GDF15, na homoni hiyo inakwenda kugusa sehemu ya ubongo inayoamsha kichefuchefu. Mwishoni mwa 2023 watafiti walionyesha kwamba mwanamke ambaye kabla ya mimba mwili wake ulikuwa na homoni hii kidogo ndiye anayeumia zaidi inapopanda ghafla. Kwa hiyo dada yako anaweza kubeba mimba tatu bila shida, wewe ukalala chini kwa moja.

Kwa kawaida hali hii huanza kwenye wiki ya 5 au ya 6, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hupamba moto karibu na wiki ya 9, halafu kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Shikeni hiyo wiki ya 9. Mama aliyekuwa mzima kabisa akaanza kutapika baada ya hapo, msimwambie ni mimba tu. Na mwenye homa, hata akiwa wiki ya 7, apimwe malaria siku hiyohiyo. Mimba haileti homa, na sisi tunaishi kando ya ziwa lenye mbu. Maumivu makali ya tumbo, kuumwa wakati wa kukojoa, kutapika damu, hayo nayo yana maelezo mengine na yanataka kuonwa.

Sasa nichukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tumwite Mama Kulwa. Si mtu mmoja, nimemuunganisha kutoka kwa wengi. Ana mimba ya wiki 7, anatapika mara tatu au nne kwa siku, zaidi asubuhi, lakini maji yanakaa na mchana anakula kidogo. Huyu anatibiwa akiwa nyumbani.

Kwanza tumbo lisikae tupu. Aweke kando ya kitanda kitu kikavu, hata vipande vya matobolwa, atafune kabla ya kuinuka, kisha asubiri kidogo ndipo asimame. Maji anywe funda kwa funda katikati ya milo, asiyamimine juu ya chakula. Na kama vidonge vya fefo ndivyo vinavyomtapisha, aseme kliniki. Mhudumu anaweza kuyaahirisha madini ya chuma kwa muda, mama akabaki na foliki asidi peke yake, kwa sababu foliki asidi ndiyo inayohitajika sana kwenye wiki hizi. Kuvitupa vyote kimyakimya ndiko tusikokutaka.

Tangawizi inasaidia, na si maneno ya bibi peke yake, imepimwa. Kiasi kilichopimwa mara nyingi ni kama gramu 1 ya tangawizi kavu kwa siku, ikigawanywa mara nne. Jikoni hiyo ni karibu kijiko kimoja cha chai cha tangawizi mbichi iliyokunwa, kwa siku nzima. Iloweke kwenye maji ya moto, unywe kidogokidogo. Ila mjue mipaka yake: inapunguza kichefuchefu kuliko inavyozuia kutapika. Ukiizidisha inaleta kiungulia, na kiungulia chenyewe kinatapisha. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza.

Mama Kulwa alikunywa tangawizi wiki nzima, kichefuchefu kikalegea, kutapika kukabaki palepale. Hapo ndipo inapoingia dawa ya pairidoksini pamoja na doksilamini. Pairidoksini ni vitamini B6. Doksilamini ni ndugu wa piritoni, ile mnayoijua kwa mafua na usingizi. Kidonge kinachouzwa kikiwa kimeunganishwa kina miligramu 10 za kila moja, na kimefunikwa ili kisiyeyuke mapema tumboni. Kinachukua saa kadhaa kuanza kazi, kwa hiyo kinamezwa usiku kwa ajili ya kesho asubuhi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu: wanangoja mpaka kichefuchefu kiwashike, wanameza, wanakitapika, wanasema dawa haifai.

Inatumiwa hivi. Usiku wa kwanza vidonge viwili wakati wa kulala, tumbo likiwa halina chakula, kwa glasi ya maji. Visipondwe wala kutafunwa. Usiku wa pili viwili tena. Ikiwa mchana wa siku ya pili hali bado ni mbaya, kuanzia siku ya tatu anaongeza kimoja asubuhi. Bado? Siku ya nne anaongeza kimoja alasiri. Jumla vinne kwa siku, havizidi hapo. Na ni kila siku, hata siku unayojisikia nafuu.

Usingizi utakuja. Mwenye kuendesha bodaboda au kusimama kwenye mtumbwi asivichukulie kwa mzaha, na pombe kabisa isichanganywe navyo. Vilevile asimeze juu yake piritoni au promethazini bila mhudumu kujua, usingizi utajumlishana.

Si kila duka la dawa linacho kidonge hiki. Kikikosekana, mhudumu anaweza kuanza na B6 peke yake, miligramu 10 hadi 25, mara tatu au nne kwa siku, au akaandika dawa nyingine kama promethazini au metoklopramaidi. Hapa nina onyo. Ukienda dukani ukasema tu "nataka B6", unaweza kupewa ule mchanganyiko wa B1, B6 na B12 wa watu wa ganzi. Soma pakiti: vingine vina B6 ya miligramu 100 au 200 ndani ya kidonge kimoja. Ukimeza hivyo vitatu kwa siku, wiki baada ya wiki, B6 hiyohiyo inaweza kukuletea ganzi mikononi na miguuni.

(Hapa mama mmoja akauliza: "Nesi, hizi dawa hazileti mtoto mlemavu? Mama mkwe amenikataza.")

Asante mwanangu, na mama mkwe tusimlaumu, hofu yake ina historia. Kuna dawa iliyoitwa thalidomaidi iliyouzwa nchi kadhaa kuanzia 1957 mpaka 1961, wajawazito wakapewa kwa kichefuchefu, na watoto wengi wakazaliwa na viungo vifupi. Hii yetu ni dawa nyingine kabisa, lakini hofu ikaifuata. Marekani kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni mwaka 1983 kwa kuchoshwa na kesi mahakamani. Wakati huo na baadaye ikachunguzwa kwa wajawazito wengi mno, madhara kwa watoto hayakuonekana, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya huko ikairuhusu tena. Katika dawa za mimba changa, ni chache zilizochunguzwa kiasi hicho. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu.

Turudi kwa Mama Kulwa. Wiki ya 9, mambo yanabadilika. Vidonge havikai. Maji yakiingia yanarudi. Anakuja amekaukiwa midomo, akisimama anaona kizunguzungu, tangu jana amekojoa mara moja tu, mkojo wa rangi ya chai. Kwenye kadi ya kliniki alikuwa na kilo 58, leo mizani inasema 54.5. Amepoteza kilo 3.5. Asilimia tano ya kilo 58 ni 2.9, kwa hiyo amevuka mstari tunaouogopa. Huyu ni wa hospitali leo, si kesho.

Angalieni sikuhesabu ametapika mara ngapi. Yupo anayetapika mara nane na maji bado yanabaki, na yupo wa mara nne ambaye hakuna kinachobaki. Pima kinachobaki. Kama maji hayajakaa kwa siku nzima, au saa nane zimepita bila kukojoa, au mtu anazimia, nenda. Na sipendi mama arudishwe nyumbani kwa sababu tu kipimo cha mkojo hakikuonyesha ketoni. Ketoni zinaeleza njaa, hazipimi ukavu wa mwili.

Akifika, atapimwa malaria, mkojo, na ikiwezekana chumvi za damu na figo. Atapigwa picha ya ultrasaundi, kwa sababu pacha na mimba ya zabibu vyote hutapisha sana. Mama Kulwa hana malaria, ana mtoto mmoja, moyo unapiga. Basi dripu.

Mnapenda dripu ya glukosi, najua, mnasema inatia nguvu. Lakini mama huyu anaanza na maji ya chumvi au Ringa. Lita ya kwanza inaingia ndani ya saa moja au mbili, zinazofuata polepole, na potasiamu huchanganywa humo kufuatana na majibu ya damu. Potasiamu haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa, inaweza kusimamisha moyo. Pia anachomwa dawa ya kuzuia kutapika, kwa kuwa vidonge vimeshindwa kukaa.

Na kabla ya glukosi yoyote apewe thaiamini, yaani vitamini B1, kwa kawaida miligramu 100 kwenye mshipa. Akiba yake mwilini inaisha ndani ya wiki mbili tatu za kutokula. Ukimmiminia sukari mtu wa namna hiyo, mwili unaimalizia thaiamini iliyobaki katika kuichoma sukari, na ubongo unaumia: macho yanachezacheza au kuona viwiliviwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Watu wakasema amerogwa. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa upole, "Samahani dokta, ameshapata B1?"

(Baba mmoja kutoka Ukerewe akauliza wafanyeje wakiwa kisiwani.)

Baba, msingoje usiku. Zahanati inaweza kuanza maji ya chumvi, hilo lifanyike palepale Ukerewe. Lakini ikifika saa sita mchana na tangu asubuhi hajakojoa wala maji hayakai, ulizia kivuko mapema. Njiani mpe ORS kijiko kimojakimoja kila dakika chache. Akitapika, pumzika dakika kumi, anza tena.

(Swali la mwisho: "Akiruhusiwa, vidonge anaendelea navyo mpaka lini?")

Mama Kulwa aliruhusiwa alipoweza kunywa, kukojoa mkojo mweupe na kutembea bila kushikwa. Vidonge anaendelea navyo, na havikatwi ghafla. Karibu na wiki ya 13 au ya 14, siku kadhaa zikipita bila kutapika, anaondoa kwanza cha alasiri. Akikaa vizuri siku chache anaondoa cha asubuhi, halafu vya usiku kimoja kimoja. Kichefuchefu kikirudi, anapanda hatua moja nyuma, anasubiri wiki, anajaribu tena.