Jinsi ya Kujenga Uzio wa Pilipili wa Kuzuia Tembo, na Mahali Fedha ya Wilaya Inapohitajika

Ndugu wakurugenzi, maofisa wanyamapori na maofisa kilimo wa wilaya, habari za kazi. Katika video hii tutajenga uzio wa pilipili kuzunguka shamba la mahindi lililopo wilayani Bunda, upande wa magharibi wa Serengeti, na katika kila hatua nitaonesha ni wapi kazi hii inagusa bajeti ya halmashauri. Nitangaze maslahi yangu mapema: ninalima na kuuza pilipili kichaa kavu, kwa hiyo mkinisikia ninaisifia sana, mnaruhusiwa kupunguza.

Shamba letu ni hekta 1, mita 100 kwa mita 100, na mzunguko wake ni mita 400. Tukisimika nguzo kila baada ya mita 10 tutahitaji nguzo 40. Kamba ya katani itapita mistari miwili, yaani mita 800, pamoja na mita kama 50 za mafundo. Kwenye kamba ya juu tutaning'iniza kitambaa cha pamba kila baada ya mita 5, na hivyo ni vipande 80. Uchimbaji wa mashimo sitauonesha, kwa kuwa hakuna mkulima asiyeujua. Ninachosisitiza ni kwamba uzio ukae mita 5 nje ya mstari wa mwisho wa mahindi na nafasi hiyo ifyekwe, kwa sababu tembo anayeweza kusimama nje na kuvuna kwa mkonga hana haja ya kuvuka.

Sasa tunachanganya. Tafadhali vaeni glovu na miwani kabla ya kufungua mfuko wa pilipili, na simameni mahali ambapo upepo unatoka mgongoni. Kipimo ninachotumia mimi ni kilo 2 za pilipili kavu iliyosagwa kwa lita 20 za oili chafu ya magari. Kinachowasha katika pilipili ni kapsaisini, ambayo huyeyuka katika mafuta lakini katika maji huyeyuka kidogo mno. Ndiyo maana tunatumia oili, na ndiyo maana mchanganyiko wa pilipili na maji, ambao baadhi ya vijiji huutumia ili kuokoa gharama, huoshwa na mvua ya kwanza. Koroga kwa mti mrefu, funika, uache ulale usiku mmoja, kisha uupake kwenye kamba na vitambaa.

Samahani, mpiga picha anakohoa; upepo umegeuka. Tunahamia upande wa pili wa ndoo. Narudia: glovu, miwani, na upepo mgongoni. Asiyekuwa na glovu asiguse kitambaa, na aliyezivaa asijifute jasho usoni hata kidogo, kwani maji peke yake hayaondoi mafuta haya machoni kwa haraka. Katika orodha ya manunuzi ya wilaya glovu na miwani viandikwe mstari wa kwanza, maana mkulima aliyeungua macho siku ya mafunzo hatarudi kupaka tena.

Kuhusu oili chafu yenyewe, nina jambo ambalo ofisa mazingira wa wilaya hana budi kulitolea uamuzi. Oili hiyo hubeba metali zenye sumu na haifai kudondoka karibu na kisima wala mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka vyanzo vya maji, na katika ukanda huo mimi sitandiki uzio huu kabisa. Mahali pengine mnaweza kutumia mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, ambayo ni salama zaidi kwa udongo, ingawa ni mepesi na huoshwa mapema.

Kamba ya chini inafungwa kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, na ya juu inazidi kichwa kidogo. Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Tazameni hapa, hata hivyo, kati ya nguzo ya saba na ya nane: kamba imelegea na kitambaa kinakaribia nyasi. Tunasimama na kuikaza upya, kwa sababu mkonga unaopapasa mbele haufiki kwenye kitambaa kilicholala chini. Kitambaa kifungwe kwa ncha mbili za juu ili kikunjuke chote. Kikifungwa katikati hujikunja na sehemu kubwa ya mchanganyiko hubaki ndani ya mkunjo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo miradi mingi huliruka. Uzio uliopakwa mara moja ni kamba tu baada ya wiki chache. Jua hukausha, mvua huosha, vumbi hufunika. Namna ya kupima ni hii: simama hatua tatu kutoka kwenye kitambaa, upande ambao upepo unaelekea, kama pua haihisi muwasho wowote, paka upya. Katika kipindi ambacho mahindi yanakomaa, na ndicho tembo wanachokipenda, mimi hupaka kila baada ya wiki 2. Kwa miezi 2 hiyo ni mara 4, yaani kilo 8 za pilipili na lita 80 za oili kwa hekta hii moja. Bajeti inayotaja kilo 2 na lita 20 ni bajeti ya siku ya uzinduzi, na tembo kwa kawaida hawafiki siku ya uzinduzi.

Njia ya kupunguza gharama hiyo ipo. Wakulima wanne wenye hekta 1 kila mmoja, wakizungushia kila mtu peke yake, wanahitaji uzio wa mita 1,600. Mashamba yao yakipakana na kuwa mraba wa mita 200 kwa 200, uzio mmoja wa mita 800 unatosha. Kwa hiyo ninashauri wilaya igawe vifaa kwa vikundi vya mashamba yaliyopakana, vyenye zamu ya kupaka iliyoandikwa kwa mtendaji wa kijiji. Mstari huo usikate ushoroba wala njia ya tembo kuelekea majini. Mkiufunga huo, mtakuwa mmewasukumia kwa jirani.

Je, uzio huu unafanya kazi? Utafiti wa mashamba ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba tembo waliofika kwenye uzio wa pilipili walirudi. Utafiti wa mwaka 2010 kutoka Way Kambas, kisiwani Sumatra, ulikuta kwamba pale wakulima walipokuwa wakilinda kwa kelele, pilipili haikuongeza kinga ya maana. Mimi nazisoma tafiti hizo mbili pamoja: uzio humchelewesha tembo, na mlinzi aliye macho hutumia muda huo kumulika tochi na kuita askari wanyamapori wa kijiji. Dume aliyekwisha kuzoea mahindi anaweza kuikata kamba, na shamba lisilo na mlinzi usiku lisipewe vifaa.

Upande wa pili wa hesabu ni kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kufuatana na umbali kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi 5. Fedha hiyo hulipwa baada ya mahindi kuliwa, na haijazi ghala.

Hatua ya mwisho ni daftari. Kila asubuhi mlinzi aandike kama tembo walifika, walikuwa wangapi, walivuka wapi, na siku ngapi zimepita tangu kupaka. Ofisa wanyamapori alikusanye daftari kila mwezi. Mivuko ikionekana zaidi baada ya siku ya kumi, ratiba ya wiki 2 ifupishwe. Ikitokea sehemu ileile hata baada ya kupaka, hapo kuna njia ya zamani ya tembo, na nguzo zihamishwe. Oda ya pilipili ya awamu zote nne ipelekwe kabla ya kupanda, kwa sababu mahindi yanapokomaa hata mimi huwa nimeishiwa.