Chumvi inapojifanya uchafu: COD ya maji taka ya pwani

Assalaam alaykum. Wa nyuma sogeeni karibu kidogo, leo nataka tukae na jambo moja tu, kwa sababu ndilo linalotuharibia majibu sisi watu wa visiwani kuliko jambo jengine lolote, nalo ni chumvi.

COD mnaijua, ni kiasi cha oksijeni kinachotakiwa kuuchoma ule uchafu uliomo ndani ya maji kwa kutumia kemikali. Tunachukua daikrometi ya potasiamu, ile ya rangi ya chungwa, tunaitia pamoja na asidi kali ya salfuriki, tunachemsha masaa mawili kwenye chupa iliyofungwa kondensa juu ili mvuke urudi chini usipotee, halafu tunaangalia daikrometi kiasi gani imebaki. Iliyopotea ndiyo iliyochoma uchafu. Hesabu nyepesi kabisa. Lakini daikrometi haichagui bwana, ikikutana na kloridi ya ile chumvi ndani ya asidi ya moto inaichoma nayo, inaigeuza kuwa gesi ya klorini, na wewe mpimaji unaona daikrometi imepungua unasema aha, maji haya machafu. Kila miligramu 1 ya kloridi ikichomwa yote inakuandikia miligramu 0.226 za COD ya uongo. Maji ya bahari yana kloridi kama miligramu 19,000 kwa lita, zidisheni wenyewe, unapata zaidi ya 4,000 hata kama maji ni masafi.

Sasa niwape kisa. Tuliletewa maji taka ya hoteli moja ya mashariki ya Unguja, kule kwenye mawe ya matumbawe ambako kisima ukikivuta sana maji yake yanaanza kuwa ya chumvichumvi, kwa hiyo maji ya kufulia na ya jikoni yanaingia kwenye shimo yakiwa na chumvi tayari. Kijana wetu akafanya kama alivyofundishwa: mililita 20 za sampuli, gramu 0.4 za sulfeti ya zebaki, mililita 10 za daikrometi ya 0.0417 M, mililita 30 za asidi iliyotiwa sulfeti ya fedha. Chupa ikageuka kijani yote kabla hata ya kumaliza kuchemka. Ikigeuka kijani maana yake daikrometi imekwisha, haikubaki ya kupima, na kwa vipimo hivyo ina maana umepita miligramu 1,000 kwa lita. Akaja kwangu mbio, anasema mzee, hoteli hii inaua bahari.

Nikamuuliza, kloridi umepima? Hakupima. Na hilo ndilo la kwanza, kabla hujagusa kondensa. Titresheni ya naitreti ya fedha na kromati ya potasiamu haimalizi nusu saa. Tukapata miligramu 5,400 kwa lita.

Hapo mambo yakafahamika. Kazi ya zebaki ni kuikamata kloridi iwe kama imefungwa, isichomeke, na kanuni tunayofuata ni zebaki sulfeti gramu 10 kwa kila gramu 1 ya kloridi. Gramu 0.4 basi inatosha miligramu 40 tu za kloridi, ambazo katika mililita 20 ni 2,000 kwa lita. Sisi tulikuwa na 108 ndani ya chupa! Zaidi ya nusu ya kloridi ilikuwa huru inakula daikrometi.

Kuna watu wananiambia si utoe tu, 5,400 mara 0.226, ni 1,220, utoe kwenye jibu basi. Hapana jamani, msifanye. Kloridi haichomeki yote kila mara, na maji taka yakiwa na amonia ile klorini inaingiliana nayo ikarudi tena kuwa kloridi, ikachomwa mara ya pili. Na zaidi ya hapo kloridi inaiangusha fedha, inakuwa unga mweupe chini, na fedha ile ndiyo inayosaidia kuchoma vitu vigumu kama asidi ya siki. Kwa hiyo huku jibu linapanda kwa chumvi, huku linashuka kwa kukosa fedha, wewe utatoa kitu gani?

Dawa ni kuchanganya na maji safi. Kijana kwanza akafanya nusu kwa nusu, akapata tofauti ya mililita 7.4 kwenye bureti baina ya sampuli na blanki, yaani maji safi matupu yaliyopitishwa njia ile ile; chumvi ya feras amonia sulfeti tuliyotumia kupima daikrometi iliyobaki ilikuwa 0.100 M. Hesabu: 7.4 × 0.1 × 8000 ÷ 20 = 296, mara 2 ni 592. Akafurahi. Nikamwambia subiri, bado kuna miligramu 54 za kloridi mule, zebaki haijatosha. Tukachukua mililita 5 za sampuli na 15 za maji yaliyotoneshwa, kloridi ikashuka mpaka 27, zebaki ile ile 0.4 ikatosha na kubaki. Blanki 24.8, sampuli 21.8, tofauti 3.0, COD 120, mara 4 ni 480. Halafu tukapunguza tena mpaka mara 8, tofauti 1.5, ikatoka 60, mara 8 ni 480 tena.

Hiyo ndiyo alama ninayoitaka muishike. Ukizidi kuyachanganya na jibu likawa linaendelea kushuka, bado chumvi imo. Likisimama pale pale mara mbili, umefika kwenye uchafu wenyewe. Na kwa kujihakikisha tukatengeneza maji yetu, miligramu 425 kwa lita za KHP, ile ftaleti ya potasiamu hidrojeni ambayo COD yake inajulikana, na hapo inatakiwa kusoma 500, tukatia gramu 8.9 za chumvi ya mezani safi kwa lita ili kloridi ifanane na ya hoteli, tukayapitisha njia ile ile, yakatoka karibu na 500.

Utaratibu wa kutia nao una maana. Sampuli na zebaki kwanza, asidi kidogo taratibu huku chupa imo kwenye maji baridi, tikisa mpaka zebaki iyeyuke, ndipo daikrometi, ndipo asidi iliyobaki kupitia juu ya kondensa. Ukitia daikrometi kabla zebaki haijaikamata kloridi, imeshaanza kuliwa. Usiwashe moto kabla ya kuchanganya vizuri, asidi nzito inakaa chini na chupa inaruka.

Njia hii ina mwisho wake. Maji yakikaribia chumvi ya bahari na uchafu wake ni kidogo, tuseme 100, utayachanganya mara 10 ndipo kloridi ifike 1,900, na tofauti kwenye bureti itakuwa mililita 0.25. Ukikosea kusoma 0.1 tu, jibu limeyumba 40. Hapo mie simwandikii mtu namba, bora kupima kaboni ya ogani kwa mashine.

Na mabaki. Gramu 0.4 za sulfeti ile zina gramu 0.27 za zebaki yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka mikrogramu 6 kwa lita kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo chupa yako moja tu ingeharibu lita 45,000. Sisi tuna dumu la plastiki lenye lebo, zebaki, kromu na asidi, linafungwa, halimwagwi kwenye sinki hata tone, maana sinki letu linaishia baharini ambako mama zetu wanalima mwani.